Mshahara wa mbia si mshahara

Wabia wawili: mmoja ameweka mtaji wa 100,000 na ndiye anayeshinda kazini, mwenzake ameweka 300,000 na huonekana siku za kukagua hesabu. Mkataba unampa wa kwanza mshahara wa 40,000 kwa mwaka, kila mmoja riba ya asilimia 10 ya mtaji wake, na kinachobaki wanagawana nusu kwa nusu.

Faida ikiwa 180,000, mshahara na riba huchukua 80,000. Kila mmoja anaongezewa 50,000, hivyo mchapakazi anapata 100,000 na mwenye mtaji 80,000. Mwaka kama huo hakuna anayenuna.

Faida ikishuka hadi 60,000, haitoshi hata mshahara na riba. Pengo la 20,000 nalo linagawanywa nusu kwa nusu: mchapakazi anabaki na 40,000, mwenzake 20,000. Mwenye mtaji atasema fedha zake ndizo zilizo hatarini, mbona anaambulia kidogo? Mchapakazi atajibu kuwa kwa kazi hiyo hiyo angelipwa kwingine, biashara ipate isipate. Wote wana hoja, ila nadhani wanagombania kitu kisichostahili. Uwiano wa nusu kwa nusu uliwekwa kwa ajili ya ziada, na sasa unatumika kugawa upungufu.

Dawa ni kuandika mapema kipi kitangulie faida isipotosha. Riba ikitangulia, kila mmoja anapata 30,000. Mshahara ukitangulia na salio la 20,000 likagawanywa kwa kiasi cha mitaji, inakuwa 45,000 kwa 15,000. Mimi ningetanguliza mshahara, lakini naelewa anayekataa.

Upande wa kodi, kosa la kawaida ni kuuingiza mshahara huo kwenye gharama, kana kwamba mbia ni mwajiriwa. Faida ya 60,000 inaonekana 20,000 tu. Katika mifumo mingi ya kodi, mshahara na riba ya mtaji ni njia za kugawa faida, kwa hiyo hurudishwa kwanza kwenye faida. Kisha kila mbia hutozwa kwa jumla ya alichogawiwa, hata kama fedha hajazichukua na zimebaki kwenye biashara. Wengi hushtukia hapo: bili ya kodi imefika, fedha zimelala kwenye bidhaa ghalani.

Sasa turudi kwenye mkataba usio na kipengele kinachosema kipi kitangulie, faida iwe 10,000. Pengo ni 70,000, kila mmoja anabeba 35,000. Mchapakazi anabaki na 15,000, mwenzake anaingia hasara ya 5,000. Mmoja ana pato kubwa kuliko faida ya biashara nzima! Uingereza, kwa mfano, haikubali hesabu hiyo kwenye kodi: biashara ikiwa na faida, mgawo wa hasara wa mbia huhesabiwa sifuri, na mchapakazi hutozwa kwa 10,000. Lakini kwenye vitabu vya wabia ile 5,000 ingali inamkata mwenye mtaji.