Bosi mpya ametangazwa. Likizo anasaini nani?

Ukisoma taarifa ambazo kampuni huwatumia wafanyakazi kuhusu uteuzi wa kiongozi wa juu, utakuta karibu zote zina umbo moja. Aya nne ni za shahada na vyeo vya mteuliwa, halafu mwishoni kuna sentensi moja kwamba mabadiliko ya muundo yatatangazwa baadaye. Ofisa wa rasilimali watu anayetaka nani ataripoti kwa nani iandikwe siku hiyohiyo huambiwa anapenda makaratasi, na kwamba siku ya kumkaribisha mtu si siku ya kugawana madaraka.

Wanaosema hivyo wana sababu zao, na mojawapo ni nzito. Kiongozi mpya, wanasema, apewe nafasi ya kuitazama idara yake kabla ya kupangiwa watu. Muundo uliotangazwa Machi ukivunjwa Juni huchosha kuliko ule ambao haukutangazwa. Tena uteuzi wenyewe unaweza kukwama. Aprili 2018 ilitangazwa kwamba Sylvia Mulinge wa Safaricom angeongoza Vodacom Tanzania kuanzia Juni. Kibali cha kazi hakikupatikana, akarudi Safaricom, na nafasi ile akaja kuishika Hisham Hendi. Mtu akikumbuka hilo, ana haki ya kuogopa kuandika mengi mapema.

Ila hofu hiyo inahusu lini utangaze, na inajibika kwa kusubiri kibali na mkataba uliosainiwa. Haielezi kwa nini, ukishaamua kutangaza, uache nje jambo ambalo mfanyakazi atalihitaji kesho yake asubuhi.

Tuchukue mfano wa kampuni ya usambazaji wa bidhaa yenye wafanyakazi 180. Mameneja wanne, yaani wa ghala, usafirishaji, manunuzi na huduma kwa wateja, wanaripoti kwa Mkurugenzi Mtendaji. Sasa anaajiriwa Mkurugenzi wa Uendeshaji, cheo ambacho hakikuwepo. Taarifa inatoka Ijumaa jioni: amesoma wapi, amefanya kazi wapi, na kuanzia Machi 1 "atasimamia shughuli zote za uendeshaji".

Machi 1 meneja wa usafirishaji ana ombi la mafuta la shilingi milioni 12. Mkurugenzi Mtendaji anadhani halimhusu tena. Mkurugenzi mpya angelisaini, lakini benki bado haijapokea barua ya kubadilisha watia saini, na kiwango chake cha kuidhinisha hakijaandikwa popote. Ombi linalala mezani na malori yanasimama. Hakuna aliyekosea, kwa sababu hakuna aliyeambiwa.

Likizo ndiyo hufichua tatizo haraka zaidi. Mfumo wa likizo hausomi waraka. Hupeleka ombi kwa jina la msimamizi lililo kwenye rekodi ya mfanyakazi. Rekodi isipobadilishwa, maombi yanaendelea kwenda kwa bosi wa zamani, naye anayaacha akijua si yake. Ikibadilishwa siku mbili kabla ya tangazo, kuna mtu atafungua ukurasa wake, aone jina geni mahali pa bosi wake, apige picha ya skrini, na tangazo litakuwa limeshatolewa na WhatsApp. Kwa hiyo rekodi zibadilishwe siku ileile mabadiliko yanapoanza, baada ya waraka kutoka. Maombi yaliyokwisha kutumwa nayo yamalizwe kabla, maana katika mifumo mingi ombi lililo njiani hubaki kwa yule lililotumwa kwake.

Na ile "shughuli zote za uendeshaji", je, manunuzi yamo? Mkaguzi angependa yasiwemo. Anayeagiza mzigo na anayeupokea ghalani wakiwa chini ya mkono mmoja, udhibiti unapungua. Huenda Mkurugenzi Mtendaji ameshaamua manunuzi yabaki kwake, ila meneja wa manunuzi hajui, na mkurugenzi mpya ameelewa vingine kwenye usaili. Ndiyo maana yanayobaki kama yalivyo huandikwa pamoja na yanayobadilika. Aya yenyewe si ndefu:

"Kuanzia Machi 1, mameneja wa ghala, usafirishaji na huduma kwa wateja wataripoti kwa Mkurugenzi wa Uendeshaji. Meneja wa manunuzi ataendelea kuripoti kwa Mkurugenzi Mtendaji. Malipo ya idara hizo tatu yataidhinishwa na Mkurugenzi Mtendaji hadi Machi 31. Kuanzia Aprili 1, yasiyozidi shilingi milioni 20 yataidhinishwa na Mkurugenzi wa Uendeshaji. Vyeo, mishahara na vituo vya kazi havibadiliki."

Sentensi ya mwisho iwekwe ikiwa ni kweli tu, kwa kuwa ndiyo wafanyakazi watakayoitafuta kwanza na kuikumbuka kwa muda mrefu zaidi.

Linaloumiza hasa ni la wale mameneja watatu. Jana walikuwa wakikaa na Mkurugenzi Mtendaji kila Jumatatu, leo kuna mtu katikati. Mshahara haujaguswa, lakini kila mmoja ofisini anajua wameshushwa ngazi moja, na waraka wenye aya nne za sifa za mgeni unalisema hilo kwa ukali kuliko ule unaolitaja waziwazi. Waitwe mmojammoja asubuhi ya siku ya tangazo, na Mkurugenzi Mtendaji mwenyewe, si rasilimali watu. Waambiwe pia kama kikao cha Jumatatu bado ni chao. Halafu kikao kifupi cha wakuu wa idara wote, na waraka utoke ndani ya saa moja au mbili. Ukichelewa hadi kesho yake, tayari kuna waraka mwingine unaozunguka, usio na mwandishi.

Kuna na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 15, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 10, zote zinamtaka mwajiri anayebadilisha masharti yaliyoandikwa ashauriane na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Kama maelezo ya kazi ya meneja yanasema anaripoti kwa Mkurugenzi Mtendaji, waraka wa jumla hauchukui nafasi ya barua yake binafsi.

Wasifu basi ubaki na nini? Sentensi tatu au nne zinazojibu kwa nini yeye, kwa kazi hii. Aliyewahi kusimamia malori na maghala, hilo liandikwe. Shahada ya tatu inaweza kusubiri. Mteuliwa ausome kabla haujatoka, athibitishe pia kwamba mwajiri anayemuacha ameshawaambia watu wake. Na tarehe ziwe mbili, ya kutangazwa na ya kuanza, pamoja na jina la anayeshika nafasi katikati, kama ilikuwepo. Safaricom ilimtangaza Peter Ndegwa Oktoba 2019 aanze Aprili 1, 2020, na katika miezi hiyo ilijulikana kwamba Michael Joseph ndiye anayekaimu.

Tathmini ya mwaka husahaulika daima. Mwaka wa kampuni ukianza Julai na bosi mpya akaingia Machi 1, bosi wa zamani aandike tathmini ya miezi minane kabla hajakabidhi. Asipoandika, mwezi Juni mtu atapewa alama na msimamizi aliyemwona kwa miezi minne tu.

Wanaotaka mgeni aachiwe uhuru wa kupanga idara yake wanaweza kuupata kwa sentensi moja: "Muundo wa ndani wa idara hizi utapitiwa, na matokeo yatatangazwa kabla ya Agosti 31." Neno "baadaye" bila tarehe wasiliweke.