Bibi wa Kiingereza Hasemi "Sinkopi"

Mpwa wangu ni muuguzi hapa Malindi, na anajiandaa kwa OET, mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya, ili aende Uingereza. Juzi kanionyesha noti alizouziwa na kituo kimoja cha mafunzo: kurasa kwa kurasa za dispnea ya kukosa pumzi, hematuria ya damu kwenye mkojo, sinkopi ya kuzimia, kila neno na maana yake ubavuni, akariri. Ada aliyolipa unanunua mbuzi na chenji inabaki. Nilichemka.

Maneno hayo anayajua! Ameyasoma chuoni na huyaandika kwenye faili kila zamu. Kiingereza chetu wauguzi ni cha faili na cha kumjibu daktari. Mgonjwa tunazungumza naye Kiswahili au Kigiriama. Mama wa kutoka Ganda akikwambia, "Mwanangu, moyo wanienda mbio, macho yaingia giza," huna haja ya kamusi. Lakini tangu Kenya na Uingereza zitie sahihi makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021, kila mwenye ubao na viti anafundisha Kiingereza cha hospitali, na anafundisha kile kile tulicho nacho tayari.

Mimi nimefanya kazi wodi za huko. Bibi mzee anakwambia asubuhi amepatwa na "fani tani", yaani funny turn. Ukilifasiri neno kwa neno unapata mzunguko wa kuchekesha, na nimemwona muuguzi mwenzetu, hodari kunishinda, akatabasamu na kuendelea na shughuli zake. Hapana cha kuchekesha hapo. Wazee wa Kiingereza huliita hivyo jambo lolote la ghafla: kizunguzungu, kuzimia, moyo kubadili mwendo, hata kiharusi kidogo kinachopita chenyewe.

Kwa hiyo mwache asimulie. Mwambie tu akueleze ilivyokuwa tangu mwanzo, kisha nyamaza. Akimaliza ndipo uulize: alikuwa amekaa au ndiyo kwanza anasimama? Chumba kilizunguka, au alihisi anataka kuzimia? Alipoteza fahamu? Kifua kilibana? Kuna aliyemwona? Halafu usisahau uso kwenda upande, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito. Akisema yalitokea, hata kama yameshapita, daktari aitwe hapo hapo, si kesho.

Tuseme bibi anajibu kwamba aliinuka kitandani, macho yakaingia giza, akakaa chini, na mara akawa sawa. Hakuna kilicholegea. Ukimuuliza dawa, anasema wiki iliyopita aliongezewa kidonge cha presha. Hapo unajua pa kwenda. Mlaze dakika tano, pima presha. Msimamishe, ukiwa karibu asije akaanguka, upime ndani ya dakika ya kwanza na tena ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, presha yake inaporomoka akisimama, na daktari atataka kukiangalia kile kidonge. Haya, nakubali, tena shingo upande: unapomwarifu daktari, msamiati wa mwalimu una kazi yake. Lakini hungefika huko kama ulitabasamu ukapita. Na kwenye faili usiandike "fani tani" ukaishia hapo. Andika alivyosimulia, kwa sababu wa zamu ya usiku naye atajiuliza ni ipi kati ya zile nne.

Mwingine atakwambia maumivu "si mabaya sana" huku kidole kimekuwa cheupe kwa kushika kitanda. Muombe namba, sufuri hadi kumi, kisha muulize ni kitu gani hawezi kufanya.

Amri nazo. Sisi "inua mkono" tunailainisha kwa "hebu" na "mamangu". Ukiipeleka kavu kwa Kiingereza, umekuwa askari. Wenzetu huomba kama wanaouliza, na kila kitu kwao ni "kupop": pop kitandani ni kupanda, pop shati ni kulivua. Kwenye noti za mbuzi halimo.

Kichekesho ni kwamba mtihani wenyewe haumuulizi mtu maana ya hematuria. Sehemu ya kuzungumza ni maigizo mawili, dakika tano hivi kila moja, na dakika tatu za kusoma kadi kabla ya kuanza. Anayesahihisha anataka kusikia lafudhi inayoeleweka, ndiyo, lakini pia kama umegundua mgonjwa anachokijua na anachokiogopa kabla ya kuanza kumhubiria.

Vijana wetu wa ufuoni hapa wanazungumza Kitaliano cha kutosha kuuza safari ya boti na kugombania bei. Nani aliwapa orodha?

Nimemwambia mpwa wangu atafute mwenzake mmoja. Mmoja awe mgonjwa, na mgonjwa apigwe marufuku neno lolote la kitabibu: aseme tu tumbo limefura, mguu umekufa ganzi, hajisikii yeye mwenyewe. Muuguzi aulize mpaka ajue ni nini, simu ikirekodi, dakika tano. Kisha wasikilize ni mara ngapi alimkatiza. Hii haina ada, na hizo noti mwalimu anaweza kuja kuzichukua. Mbuzi wangu nitamtaka.