Kabla hamjamvuta, mtundikieni dripu

Ile video ya shimo la dhahabu imeshazunguka kwenye magrupu yote ya WhatsApp hapa Busia, Uganda. Wanaume wanalisukuma jiwe, "moja, mbili, sukuma!", kijana anachomolewa, akina mama wanapiga vigelegele. Chini yake watu wameandika "Mungu mkubwa", na kweli ni mkubwa. Ila nimeitazama tena na tena nikitafuta mtu mmoja tu aliyeshika chupa ya maji ya dripu. Hayupo. Kuna mwenye spika, kuna mwenye soda, kuna hata anayepiga selfi.

Mimi ni tabibu, na wale mnaoniita musawo mkali, leo mna haki.

Kijana wa namna hiyo nimempokea mwenyewe, si huyu wa kwenye video. Alikuwa na uzito wa kilo 60 hivi, mapaja yote mawili yamebanwa na udongo na mawe kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na moja jioni. Alipotolewa alikuwa anaongea, anaomba maji, anataniana na wenzake. Mfupa haujavunjika, jeraha la maana hakuna, basi wakamwambia ana bahati. Usiku mapaja yakavimba yakawa magumu, na mkojo uliotoka ulikuwa na rangi ya koka. Kituo cha afya alikopelekwa kwanza (sikitaji) walichovya stripu, ikaonyesha damu, alama tatu za kujumlisha. Wakaandika maambukizi ya njia ya mkojo. Akachomwa diklofenaki ya maumivu na jentamaisini ya maambukizi, akapewa chupa moja ya dripu ya Ringa, akarudi nyumbani.

Yaani ukikaa chini upange namna ya kuzimaliza figo za mtu aliyebanwa, hutapata mpango mzuri kuliko huo. Diklofenaki inapunguza damu inayoingia kwenye figo. Jentamaisini ina sumu yake kwa figo. Ringa ina potasiamu ndani, na potasiamu ndiyo ilikuwa tayari inamfurika mwilini. Kama ni maumivu, parasetamo ipo, na nchi hii inatengeneza mofini ya kunywa.

Msuli uliobanwa kwa saa nyingi unaanza kufa, lakini uchafu wake unabaki humo humo kwa sababu damu haipiti. Jiwe likiondolewa, damu inarudi na kuuzoa wote kwa mpigo: potasiamu inayoweza kusimamisha moyo hapo hapo, tindikali, na ile protini nyekundu ya msuli, mioglobini. Wakati huohuo msuli uliojeruhiwa unanyonya maji kutoka kwenye mishipa, lita baada ya lita, ndiyo maana mapaja yanavimba. Figo zinabaki na damu kidogo, mkojo mzito wenye tindikali, na mioglobini inayoganda ndani ya mirija yake. Mgonjwa anaongea na kucheka huku haya yote yakiendelea. Mwaka 1941, London ilipokuwa inapigwa mabomu, madaktari Bywaters na Beall waliandika kuhusu watu waliofukuliwa kwenye vifusi wakiwa wazima, kisha figo zikawafia siku zilizofuata. Si habari mpya hii, jamani.

Kwa hiyo maji yaanze angali amebanwa. Mkono wa kijana wetu ulikuwa nje kwa saa zote zile tano! Unaingiza kanula nene, unamwagia salaini ya kawaida, ile ya 0.9, lita moja kwa saa. Zikipita saa mbili hajatoka, unapunguza hadi nusu lita kwa saa. Akishatoka unaendelea, unamwekea katheta, unapima mkojo kila saa. Tunataka mililita 200 hadi 300 kwa saa mpaka rangi isafike. Akiwa mzee au mwenye moyo dhaifu, unakwenda taratibu zaidi.

Haya, wenzangu mnaoogopa kumzamisha mgonjwa kwa maji, hapo mna hoja, nakubali shingo upande. Kama maji yameingia ya kutosha kwa saa sita hivi na mkojo hautoki, usiendelee kumimina kama unamwagilia bustani. Punguza, sikiliza mapafu, anza kupiga simu ya rufaa. Ila kumwogopa mtu ambaye hajapata hata lita moja, huo si uangalifu.

Sasa kisingizio ninachokichukia kuliko vyote: "Hatuna mashine ya kupima CK." CK ni kimeng'enya cha msuli. Kwa kawaida hakipiti sana 200, kikipita 1,000 msuli unakufa, na kikipita 5,000 figo ziko hatarini. Ni kipimo kizuri. Lakini kinachukua saa kadhaa kupanda na kinafika kileleni siku ya kwanza hadi ya tatu, na wewe dripu unaihitaji sasa hivi. Ulichonacho kinatosha. Chovya stripu, ikisema damu, weka mkojo uleule chini ya darubini. Ukikosa chembe nyekundu, stripu imedanganywa na mioglobini.

Hapo mjuaji mmoja ataniambia, "Hata malaria kali inatoa mkojo mweusi usio na chembe." Kweli, na huku kwetu ni swali la haki. Basi chota damu kwenye tyubu, isimamishe kwenye raki, subiri itulie. Kwenye malaria inayopasua damu, maji ya juu yanakuwa mekundu au ya waridi. Kwa aliyebanwa yanabaki ya manjano kama kawaida, kwa sababu mioglobini ni ndogo na figo zinaipitisha haraka. Hiyo haihitaji umeme wala rejenti. Na kwa sababu inapita haraka, mkojo uliosafika siku ya pili haumaanishi kwamba hakukuwa na kitu.

Hayo yote hayahusu machimbo tu. Mwenye kifafa aliyetetemeka muda mrefu bila kukoma, na yule anayeitwa mwizi akapigwa fimbo mpaka mgongo mzima umevimba, nao msuli wao unakufa vilevile. Waangalieni mkojo.

Kijana wetu alifika kwangu siku ya tatu, uso umevimba, katheta haina kitu, mapigo ya moyo ya polepole yasiyo na mpangilio. Tulimpa kalsiamu ya kuulinda moyo, tukampa insulini na glukosi ya kuirudisha potasiamu ndani ya seli, tukamkimbiza Kampala. Jibu la CK kutoka huko lilikuwa juu ya 40,000. Alisafishwa damu kwa mashine, na baada ya wiki kadhaa mkojo ukarudi. Mamake aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya nauli, chakula na dawa. Chupa nne za salaini hazifikii hata bei ya kwato za ng'ombe mmoja.

Wenye mashimo, mnaonunua pampu na baruti kila wiki: wekeni sanduku pale mdomoni mwa shimo, lenye chupa sita za salaini, kanula, plasta, na namba ya simu ya nesi wa karibu. Na mtakaoandika barua ya rufaa, andikeni saa aliyobanwa, saa aliyotolewa, na kiasi cha maji alichopata njiani. Ile niliyopokea mimi iliandikwa "maumivu ya miguu".