Acheni kutufundisha "wird" na "ist" kwa kupitia Kiingereza

Wiki iliyopita mtu kaniforwadia video ya mwalimu mmoja wa Kijerumani, Mswahili mwenzetu kabisa, anafundisha kauli ya kutendwa. Kaandika ubaoni "The door is closed", akachora mishale miwili, mmoja unaenda "Die Tür wird geschlossen", mwingine "Die Tür ist geschlossen", kisha akawaangalia wanafunzi akasema hii kitu kwetu haipo kwa hiyo mkariri tu. Nikarudisha nyuma nisikilize tena kama kweli amesema hivyo. Amesema.

Haipo? Jamani. Mtu anakwambia "geti linafungwa", wewe unakimbia uwahi kupita. Anakwambia "geti limefungwa", unageuza unarudi ulikotoka. Hakuna mtoto wa darasa la pili anayechanganya hizo mbili. Sasa hiyo ndiyo "Das Tor wird geschlossen" na "Das Tor ist geschlossen", neno kwa neno, hakuna cha kukariri hapo. "Werden", ndo mama yake "wird", inabeba tendo linaloendelea kutokea, "sein", mama yake "ist", inabeba hali iliyobaki tendo likishaisha. Mwenye shida ni Mwingereza, yeye "is closed" yake inabeba vyote viwili, kwa hiyo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili yake vinatumia kurasa nzima kumwelezea kitu ambacho yeye hakisikii. Sisi tunanunua vile vitabu, tunaazima na shida yake, halafu tunalipa ada juu.

Ukienda wakati uliopita ndo inachekesha zaidi. "Das Tor wurde geschlossen" ni geti lilifungwa, kuna mtu alilisukuma likafunga. "Das Tor war geschlossen" ni geti lilikuwa limefungwa, mimi nimefika nimelikuta hivyo na wala sijui nani kalifunga. Mwingereza hapo ana "was closed" moja tu inabidi aizungushe. Wewe una -li- na una lilikuwa -me-, umezaliwa nazo, halafu mwalimu anakutoa huko anakupeleka London ndipo akurudishe Berlin.

Mdogo wangu yuko Ujerumani anasomea uuguzi wa wazee na yeye alifundishwa kwa mishale hiyohiyo. Asubuhi moja mwenzake wa shifti akamuuliza kuhusu babu mmoja, "Ist er schon gewaschen?", yaani ameshaogeshwa? Mdogo wangu kichwani ana "is washed", na "is washed" kwenye daftari lake mshale wa kwanza unaenda "wird", basi akajibu kwa kujiamini kabisa, "Ja, er wird gewaschen". Mwenzake akaelewa alichoambiwa, kwamba ndiyo, babu anaogeshwa sasa hivi, akachukua taulo akaenda kusaidia. Kamkuta babu kakaa kwenye kiti, shati limefungwa vifungo mpaka juu, anasoma gazeti. Babu kuona taulo akawaka. Kilichotakiwa ni "Ja, er ist gewaschen" tu, basi. Kama angefikiri "ameshaogeshwa" badala ya "is washed" ingemtoka yenyewe.

Kwa kuoga tunacheka. Ila kule ndani kuna na sentensi kama "Die Medikamente sind gestellt", dawa zimeshapangwa kwenye viboksi vyake vya asubuhi mchana jioni, na kuna "Die Medikamente werden gestellt", zinapangwa sasa au zitapangwa, maana "wird" na "werden" za wakati uliopo zinachukua mpaka kesho. "Sie wird morgen entlassen" ni ataruhusiwa kesho, bado yupo kitandani. "Sie ist entlassen" ni ameruhusiwa, muuguzi wa kule hana habari naye tena. Ukichanganya hapo hakuna babu wa kukuchekesha.

Haya, sasa nikubali kitu kimoja, na nakubali kwa shingo upande kwa sababu najua kuna watu wanasubiri kwenye komenti. Kiswahili hakikufikishi mwisho wa safari. Kuna mahali kinakuangusha na mahali penyewe ni -me-. Hii ndo ingekuwa mada ya ile video kama mwalimu angejisumbua.

Angalia. "Geti limefungwa." Hapo nimekwambia nini? Inawezekana nakuelezea hali, geti liko hivyo, hupiti. Inawezekana pia nakupa habari, kuna tukio limetokea, mlinzi kaja kalifunga. Sisi -me- yetu inabeba zote mbili na hatusumbuki, mazingira yanatuambia. Mjerumani hakubali, kwake ni sentensi mbili tofauti. Hali ni "Das Tor ist geschlossen". Habari ya tukio ni "Das Tor ist geschlossen worden", na hilo "worden" la mwishoni ndo linalotangaza kwamba hii ni kauli ya "werden" iliyovaa nguo za wakati uliotimilika. Kwa hiyo Mswahili kosa lake halisi siyo kuchanganya "wird" na "ist", kosa lake ni kusahau "worden" au kulichomeka pasipohusika. Nimesoma barua nyingi za watu wetu wanaoandika maombi kule, ni hilohilo linajirudia, wanatafsiri kila -me- kuwa "ist" na wanaishia hapo.

Utajuaje? Mimi natumia saa. Jaribu kuweka muda kwenye sentensi yako ya Kiswahili kabla hujaigusa ya Kijerumani. Ukiweza kusema "geti limefungwa saa mbili", yaani unataja lini kitu kilifanyika, hiyo ni tukio na inataka "worden": "Das Tor ist um acht Uhr geschlossen worden" (saa mbili yetu ndo nane yao, hilo nadhani wote tumeshaumia nalo). Lakini kama unachotaka kusema ni "geti limefungwa tangu saa mbili", hapo unahesabu hali ilivyodumu, hakuna "worden": "Das Tor ist seit acht Uhr geschlossen". Neno moja dogo, "tangu", linakuamulia kila kitu. Na ukimtaja mtendaji, "limefungwa na mlinzi", jua umerudi kwenye tukio, "ist vom Wächter geschlossen worden", kwa sababu hali haina mtu, mlinzi alishaenda kunywa chai yake. Isipokuwa mtendaji mwenyewe awe ndo anaishikilia hiyo hali mpaka sasa hivi. Nyumba imezungukwa na miti, "Das Haus ist von Bäumen umgeben", miti iko palepale, ikiondoka na hali inaondoka, kwa hiyo hapo "von" inaruhusiwa bila "worden".

Kuna na vitenzi vingine havina kabisa hiyo ya "sein" na hapa ndo -me- inatuponza vibaya. Sisi tunasema mwanafunzi amesifiwa, amesalimiwa, ameonekana mjini, zote safi. Sasa nenda kamwambie Mjerumani "Der Schüler ist gelobt" uone sura yake, atakuwa anakusubiri umalizie. Lazima "ist gelobt worden". Sababu yake ni nyepesi: sifa haimwachii mtu alama. Dirisha likifunguliwa ukilitazama unaona liko wazi, barua ikiandikwa karatasi ina maandishi, babu akiogeshwa ni msafi. Mtu aliyesifiwa saa tatu na ambaye hajasifiwa ukiwasimamisha pamoja huwezi kuwatofautisha (labda kwa maringo). Kama tendo halijaacha kitu cha kuonekana au kinachodumu, hakuna hali ya kuelezea, na "sein" peke yake haina kazi hapo.

Halafu kuna wajuaji. Hawa wanakuja na nadharia kwamba kauli ya "werden" ni kutendwa na ya "sein" ni kutendeka, kwa hiyo "ist geschlossen" ni "umefungika". Inapendeza masikioni ila siyo kweli. Kutendeka kwetu kunamfuta mtendaji kabisa, kikombe kimevunjika, chenyewe tu, hakuna wa kushtakiwa. "Ist geschlossen" haimfuti mtu, inaacha tu kumtaja; kuna mtu alifunga na wote tunajua. Isitoshe kutendeka kunabeba na uwezekano, barabara inapitika, maji yananyweka, na huko Kijerumani kinatumia vitu vingine kabisa, "passierbar", "trinkbar". Na hicho kikombe chenyewe, "Die Tasse ist zerbrochen", kwa kawaida hata siyo kauli ya kutendwa, ni kitenzi cha kawaida kwenye wakati uliotimilika, kama "Er ist gekommen" ambayo ni amekuja na wala hakuna aliyemkuja. Siyo kila "ist" yenye mwenzake wa "ge-" nyuma yake ni kutendwa, tafadhali.

Kingine cha haraka kabla sijasahau, sisi tunasema "ninasaidiwa" na mimi ndo kiima. Wao hawakubali, kitenzi "helfen" kinataka "mir", kwa hiyo ni "Mir wird geholfen", siyo "Ich werde geholfen". Lilikuwepo tangazo maarufu sana kule la namba ya kuulizia simu lililofanya hilo kosa makusudi, "werden Sie geholfen", na watu wanalitania mpaka leo. Ukikosea wewe hawatadhani ni makusudi.

Na hilo "worden", ni "worden", siyo "geworden". "Geworden" ni ya mtu aliyekuja kuwa kitu fulani, "Sie ist Ärztin geworden", amekuwa daktari. Kwenye kutendwa "ge-" inadondoka. Kama ulimi unakataa kabisa mkia wa "geschlossen worden", sema "wurde". "Das Tor wurde um acht geschlossen", hata wao wenyewe wakiongea wanaitumia sana kwenye kutendwa, na hakuna atakayekuuliza ulikimbia nini.