"Walioagiza" inatosha: kutafsiri kwenda Kirusi bila kurundika

Hoteli moja ya Unguja ilinipa tangazo la Kiingereza nilitafsiri kwa wageni wa Kirusi. Sentensi yenyewe ilisema hivi: wageni ambao wameagiza boti ambayo huondoka alfajiri kutoka gati ambalo liko nyuma ya hoteli wafike dakika 15 kabla. Ukiifuata neno kwa neno, Kirusi chake kinabeba "kotoryi" tatu, neno linalofanya kazi ya "ambaye" au "ambayo" yetu.

Wanafunzi wengi wa tafsiri wamefundishwa kuiogopa "kotoryi", basi huifuta kila mahali na kuweka prichastie, yaani kitenzi kilichogeuzwa kuwa kivumishi: "Gosti, zakazavshie kater, otkhodyashchiy na rassvete ot prichala, nakhodyashchegosya za otelem..." Sarufi ni safi kabisa. Lakini isome kwa sauti usikie -vsh-, -shch-, -shch- zikigongana. Uzito haukuletwa na "kotoryi". Umeletwa na mnyororo wa maelezo ndani ya maelezo, na mnyororo huo bado upo.

Mimi hubakiza prichastie moja tu, ile inayomtambulisha mtu anayehusika. Gati halihitaji kitenzi. "Gati la nyuma ya hoteli" linatosha. Safari ya boti naipa sentensi yake: "Kater otkhodit na rassvete ot prichala za otelem. Gostey, zakazavshikh mesta, prosim podoyti za 15 minut do otpravleniya."

Hapa sikio la Kiswahili linasaidia sana. "Zakazavshikh" ni "walioagiza": neno moja, nalo hufuata nomino yake kama ngeli zetu zinavyotaka, ila Kirusi huongeza uhusika wa kisarufi. Mwenye kuhisi tofauti ya "walioagiza" na "ambao wameagiza" tayari anajua lini afupishe.

Sikio hilohilo hudanganya pia. Sisi tunasema "watakaofika kesho" bila shida, ila Kirusi sanifu hakina prichastie ya wakati ujao. "Priyedushchie" utaisikia mitaani, lakini mhariri ataikata. Hapo andika "kotorye priyedut zavtra" bila kuona haya.

Deeprichastie, yaani kitenzi kilichogeuzwa kuwa kielezi cha kitenzi kikuu, ndiyo hatari zaidi, kwa sababu tunaifananisha na -ki-. "Tukikaribia kisiwa, kichefuchefu kilinishika" ni Kiswahili sahihi, maana "tu-" inataja mtendaji. Deeprichastie haina kiambishi hicho. Humwazima mtendaji kutoka kitenzi kikuu. "Podplyvaya k ostrovu, menya ukachalo" ni kosa, kwa kuwa "ukachalo" haina mtendaji wa kuazimwa. Rudisha "kogda my podplyvali".

Hata ikiwa sahihi, huongeza maana. "Nahodha, ambaye aliujua mwamba vizuri, alizima injini" ikiwa "Kapitan, khorosho znaya rif, zaglushil motor", Mrusi ataelewa kwamba alizima kwa sababu aliujua. Kama Kiingereza kilikuwa kinamsifu nahodha tu, prichastie "znavshiy" ndiyo ya kuweka, kwani hiyo humshikilia mtu, haishikilii tendo.