Mkataba wa Kiswahili haulindwi na herufi kubwa

Wanaoandika mikataba kwa Kiswahili hulalamika kwamba lugha yetu haina herufi kubwa za kutambulisha maneno yaliyopewa maana maalumu. Herufi zenyewe tunazo, na kila sentensi tunaianza nazo. Hati za kale za pwani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu ndizo zilizokuwa hazina kabisa. Tusichokuwa nacho leo ni mazoea. Msomaji wa kawaida akikuta "Mpangaji" katikati ya sentensi hadhani kwamba ni yule aliyetajwa kifungu cha 1, tofauti na mpangaji yeyote. Anadhani umempa heshima, kama tunavyoandika Mwenyekiti na Mkurugenzi. Na mkataba wa kupanga fremu ya duka mara nyingi husomwa kwa sauti mbele ya mashahidi, na M kubwa haisikiki.

Mimi nasema tuiache herufi kubwa ipumzike. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 151, inaweka neno ndani ya alama za mtajo, inasema "maana yake ni", kisha inaendelea. Njia hiyo inatosha kwa kutambulisha. Kazi ngumu inaanza baada ya hapo: kulishika neno lile lile hadi ukurasa wa mwisho. Na kwa kazi hiyo Kiswahili kina chombo ambacho waandishi wengi wa mikataba hawakitumii, nacho ni ngeli.

Tuchukue mkataba wa kupanga fremu ya duka Dar es Salaam. Malipo ni Sh. 400,000 kwa mwezi, yanalipwa miezi sita mbele, yaani Sh. 2,400,000. Kifungu cha 2 kinasema "kodi ni Sh. 400,000 kwa mwezi". Kifungu cha 5 kinasema "malipo ya nyumba yakichelewa siku 14 mkataba utavunjika". Kifungu cha 8 kinasema "mpangaji atawajibika kwa kodi yote".

Hapa tayari pana ugomvi. Mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kukata kodi ya zuio, asilimia 10 ya anachomlipa mwenye nyumba aliye mkazi wa Tanzania, na kuipeleka TRA. Katika hesabu yetu hiyo ni Sh. 240,000. Mpangaji anakata, anampa mwenye nyumba Sh. 2,160,000, na anaona amemaliza. Mwenye nyumba anafungua kifungu cha 8: kodi yote ni juu yako, kwa hiyo ile 240,000 itoke mfukoni mwako na mimi nipewe milioni mbili na laki nne kamili. Mpangaji naye anasoma kifungu hicho hicho na kuona kinazungumzia kodi ya fremu tu, ile ya kifungu cha 2. Wote wawili wanasoma Kiswahili sahihi. Kuandika "Kodi" kwa K kubwa kungesaidia kidogo tu, kwa sababu neno likianza sentensi linapata K kubwa hata kama linazungumzia serikali.

Dawa ni kugawa maneno. Kinacholipwa kwa mwenye nyumba kiitwe "pango" tangu mwanzo hadi mwisho. Neno "kodi" libaki kwa ajili ya serikali peke yake, na kila linapotokea lifuatwe na jina lake: kodi ya zuio, kodi ya majengo. "Malipo ya nyumba" lifutwe, maana hakuna anayejua kama ni pango, amana, au vyote viwili. Kifungu cha 8 sasa kinaandikwa hivi: "Mpangaji atakata kodi ya zuio kutoka kwenye pango na kumpa mwenye nyumba uthibitisho wa malipo." Au kinyume chake, kama ndivyo walivyokubaliana. Ila ijulikane wamekubaliana nini.

Sasa ngeli. Soma sentensi hii: "Mkataba ukiisha, amana itabaki kwa mwenye nyumba mpaka fremu ikaguliwe, na ikionekana ina upungufu itatumika kufidia." Nini kimeonekana kina upungufu, fremu au amana? Nini kitatumika? Msomaji mwenye nia njema atakisia sawasawa, lakini mkataba husomwa kwa makini pale nia njema inapokuwa imekwisha. Tatizo ni kwamba fremu, amana, kodi, dhamana na notisi zote ziko katika ngeli ya I-ZI. Maneno mengi ya mkopo yanaangukia humo, na mkataba uliojaa maneno hayo unakuwa na "i-" kila mahali.

Badilisha jina moja tu. Fremu iite "chumba", ukieleza kifungu cha 1 kwamba "chumba" maana yake ni fremu namba fulani, jengo fulani. Sentensi inakuwa: "Mkataba ukiisha, amana itabaki kwa mwenye nyumba mpaka chumba kikaguliwe, na kikionekana kina upungufu, amana itatumika kufidia." Sasa chumba ni ki-, pango ni li-, amana ni i-, mkataba ni u-. Kitenzi chenyewe kinamtaja mhusika, na kinasikika hata mkataba ukisomwa kwa sauti. Hakuna herufi kubwa inayoweza kufanya hivyo. Mimi huchagua majina ya vitu nikiwa na ngeli kichwani kabla sijaandika kifungu hata kimoja.

Mbinu hii ina ukomo wake. Ngeli haziongezeki kwa sababu tu mkataba una vitu vingi. "Muda" na "mkataba" zote ni u-, kwa hiyo "utaongezwa kwa makubaliano" haielezi kitu mpaka utaje ni upi. Na watu wote ni a-. "Mwenye nyumba atamjulisha mpangaji na atalipa gharama za ukarabati" inaonekana wazi, mpaka mwenye nyumba aseme kwamba atakayelipa ni huyo aliyejulishwa. Kwa wahusika hakuna ujanja ila kurudia jina, kila mara, hata kama mwalimu wako wa insha alikufundisha kwamba kurudia ni uvivu.

Kwa sababu majina ya wahusika yatarudiwa sana, yasifanane. Wengi wanapenda "mpangaji" na "mpangishaji" kwa kuwa yanaonekana ya kisheria. Mimi siyapendi hata kidogo. Herufi chache zikidondoka wakati wa kuchapa, wajibu wa kukarabati paa unahama kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine, na kikagua tahajia hakitaona kosa kwa sababu maneno yote mawili ni halali. "Mkopaji" na "mkopeshaji" ni hivyo hivyo, na "mwajiri" na "mwajiriwa" pia. "Mwenye nyumba" na "mpangaji" hayachanganyiki hata ukiandika usiku wa manane.

Kabla ya kutia saini, tumia kompyuta kutafuta maneno uliyoyakataa, siyo yale uliyoyachagua. Tafuta "kodi", na kila jibu liwe na jina la kodi mbele yake. Tafuta "fremu", isionekane popote nje ya kifungu cha 1. Kwa maneno yanayobadilika mwanzoni tafuta mzizi: ukiandika "lip" utapata malipo, atalipa na italipwa kwa pamoja. Mwisho tafuta "ata" na "ana", na kwa kila kitenzi jiulize ni nani. Kama inabidi urudi sentensi moja nyuma kupata jibu, andika jina.