Midomo mikavu haitaki lipshaini ya kompyuta

Picha ya uso ikiwa ya karibu sana, mimi huangalia midomo kabla ya macho. Hapo ndipo mhariri huumbuka.

Juzi nilikuwa na picha ya bwana mmoja wa makamo. Mdomo wa chini umekauka, magamba meupe matatu katikati, na pembeni pamechubuka pakawa pekundu. Nikafanya uvivu: nikatia ukungu kidogo mdomo mzima ili ulainike. Ukalainika kweli, ila akaonekana kama amepakwa lipshaini. Kisa ni ile mistari myembamba ya wima. Ndiyo inayoukatakata mwanga vipande vipande. Ukiifuta, mwanga unaungana kuwa mkanda mmoja, na jicho likiona mkanda huo linajua hapa pameloa, au ni plastiki.

Kwa hiyo nikaanza upya, nikaondoa magamba na kuiacha mistari. Kuvitofautisha si kazi: gamba ni jeupe na lina kivuli chembamba upande mmoja kwa sababu limeinuka, ilhali mstari ni mweusi kuliko ngozi iliyo kando yake. Kwenye Photoshop nafungua leya tupu, nachukua Healing Brush, naweka Sample kuwa Current & Below, na brashi iwe kubwa kuliko gamba kwa kiasi kidogo tu. Sampuli naichukua juu au chini ya gamba, kwenye mstari uleule. Ukiichukua ubavuni, mistari inapishana na kiraka kinaonekana hata kwa asiyejua kuhariri. Ufa wenye kina sikuuziba. Niliupunguzia weusi tu, maana mdomo uliokauka hauwezi kuwa hauna hata ufa mmoja.

Rangi nayo ina leya yake, iliyowekwa Color, ili isiguse mwanga na kivuli. Rangi yenyewe niliichota kwenye sehemu ya mdomo wake isiyochubuka, si kwenye kisanduku cha rangi, nikapaka pale palipochubuka tu, kisha nikashusha Opacity hadi karibu asilimia 20. Bado kulikuwa na kasoro: vile vidoa vya mwanga vilipata uwaridi, na mng'ao wenye rangi ya mdomo ni uongo mtupu. Nikaenda Blend If, kwenye Underlying Layer, nikavuta kitelezi cheupe kushoto huku nimeshika Alt ili kigawanyike, rangi ikajitoa taratibu kwenye sehemu angavu. (Wengi hawakijui hiki kitelezi, nami sielewi kwa nini.)

Ukingo wa mdomo nao usiuchore. Ukiwa mkali kila mahali, bwana wa watu anaonekana amepaka wanja wa midomo.

Mdomo wake wa juu ni mweusi kuliko wa chini. Huo sikuugusa, ndivyo alivyozaliwa.